Jiwe la kukagulia limepita, mbona sampuli haitulii?

Mwenzangu aliniita akiwa amekata tamaa. Asubuhi alikuwa ameikagua mizani kwa jiwe la gramu 200, kioo kikaonyesha 200.0001, akatia sahihi kwenye daftari. Saa moja baadaye alikuwa anapima unga kwenye kijisahani cha plastiki, na namba zikawa zinapanda polepole: 1.8342, 1.8347, 1.8351. "Mizani imekufa," akaniambia. Haikuwa imekufa. Jiwe lilikuwa limemjibu swali moja, yeye akadhani limejibu yote.

Jiwe la kukagulia ni chuma cha pua kilichong'arishwa. Kinapitisha umeme, kimekaa chumba kimoja na mizani kwa hiyo joto lao ni moja, na ujazo wake ni mdogo kwa uzito wake. Ndiyo maana linaisema mizani yenyewe vizuri sana, lakini halisemi lolote kuhusu kitu utakachoweka baada yake.

Hata hivyo, ukaguzi wenyewe ufanywe sawasawa. Mizani iwe imewashwa tangu jana, na kiputo cha usawa kiwe katikati ya duara. Shika jiwe kwa kibano, kamwe si kwa vidole, kwa sababu alama ya kidole ina uzito na mizani yenye tarakimu nne inaiona. Funga vijimlango, subiri alama ya utulivu, andika. Kisha liondoe uangalie kama sifuri imerudi, hatua ambayo wengi huiruka. Linganisha ulichosoma na thamani iliyo kwenye cheti cha jiwe, si na namba iliyochongwa juu yake: jiwe la gramu 200 la daraja F1 linaruhusiwa kutofautiana hadi miligramu 1, yaani hatua kumi za tarakimu ya mwisho ya mizani hiyo.

Upepo ndio kosa ambalo jiwe hulifichua lenyewe. Namba hupanda na kushuka bila mpangilio, na hata sifuri hucheza sahani ikiwa tupu. Ukiona hivyo tafuta kiyoyozi, mlango, au mtu anayepita nyuma yako. Kuna upepo mwingine unaouleta mwenyewe: chombo kilichotoka kwenye oveni kikiwa bado na uvuguvugu huipasha hewa inayokizunguka, hewa hiyo hupanda na kukiinua kidogo. Kinasoma chepesi, kisha namba zinapanda kadiri kinavyopoa. Mkono ndani ya chumba cha mizani nao hufanya hivyo hivyo.

Sasa turudi kwenye plastiki yetu. Namba zilienda upande mmoja tu, kwa hiyo mkondo wa hewa wa chumbani nikauondoa kwenye orodha. Uvuguvugu? Kijisahani kilikuwa mezani tangu asubuhi. Nilibaki na umeme tuli. Hewa ilikuwa kavu, na glavu zilikuwa zimekisugua kijisahani. Chaji ikavutana na sehemu za mizani zisizosogea, na ilipokuwa ikivuja kidogo kidogo, uzito nao ukabadilika. Nilikiweka kijisahani ndani ya bika dogo la chuma, nikarudisha sifuri, tukapima upya. Namba zilitulia ndani ya sekunde chache. Wenye kipuliza ayoni wakitumie, lakini chuma kinachokizunguka chombo hutosha mara nyingi. Unyevu wa hewa ukiwa juu ya asilimia 45 hivi, tatizo hili hupungua sana.

Kosa la tatu ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa kuwa halitikisi namba hata kidogo. Hewa hubeba kila kitu kama maji yanavyobeba mtumbwi, ila kidogo. Tuseme unahakiki pipeti ya mililita 10 kwa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi. Maji hayo yana gramu 9.9821, lakini yanasukuma pembeni mililita 10 za hewa, yaani miligramu 12. Chuma cha uzito uleule, ambacho ndicho kilichoifundisha mizani gramu ni nini, kinachukua mililita 1.25 tu, kwa hiyo kilipoteza miligramu 1.5. Tofauti ni 10.5, na kioo kitakuonyesha 9.9716, kimetulia tuli, kila ukirudia. Pipeti ya daraja A ya ukubwa huo inaruhusiwa kukosea mililita 0.02, kwa hiyo nusu ya ruhusa imeliwa na hewa kabla pipeti haijakosea chochote. Kwa unga wa miligramu 50 sihangaiki, maana tofauti haifiki hata miligramu 0.1; kwa vimiminika nasahihisha kila mara:

```
m = W × (1 − 0.0012/8.0) / (1 − 0.0012/d)
```

W ni ulichosoma, d ni msongamano wa sampuli kwa gramu kwa mililita. Ile 0.0012 ni ya hewa ya usawa wa bahari. Kwenye miinuko ambako hewa ni nyembamba, weka ya kwako.

Mwenzangu sasa ana safu mpya kwenye daftari, kando ya ile ya jiwe: chombo kilikuwa cha nini.