Usawa wa macho, lakini macho ya nani?

"Nikipata rafu ya usawa wa macho, si unga wangu wa uji utauzika duka lolote?"

La. Kanuni hiyo ni ya supamaketi, ambako mteja hupita kati ya rafu na kujichukulia pakiti. Maduka mengi ya mtaani, kama ya Kondele hapa Kisumu, yamezibwa kwa wavu wa chuma. Mteja husimama nje, akichungulia kidirisha kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kuomba nafasi, toka nje usimame anaposimama yeye. Duka moja nililokuwa nikipeleka unga, pakiti zangu za nusu kilo zilikaa rafu nzuri ya katikati, kumbe mizani ilizikinga zote. Tulizihamishia ukuta unaotazamana na kidirisha, tatu kwa safu, jina likitazama nje. Vipakiti vidogo tukavitundika kwenye wavu, upande wa kivuli, maana unga wenye karanga ukipigwa na jua huchacha upesi.

Usisahau mkono wa mwenye duka. Mteja akisema tu "nipe unga wa uji," atapewa ule ulio karibu, si ule unaohitaji kupanda kwenye kreti.