Umebadilisha mlio, lakini wa nani?

Kuna sentensi moja inayonichosha: "Nimeweka mlio mpya wa imeili ya ofisi, lakini simu imekataa." Kisha mwenye simu anapelekwa kwa mafundi wa simu wa Luthuli Avenue, Nairobi, anaambiwa afute kila kitu aanze upya, na baada ya hapo mlio ni uleule. Simu haikukataa. Ilitii kabisa, ila aliyeagizwa si yule aliyekusudiwa.

Nazungumzia Android. Wenye aifoni wana mambo yao, leo wapumzike.

Tangu Android 8.0, iliyotoka 2017, mlio wa arifa si mali ya programu, wala si mali ya simu nzima. Ni mali ya chaneli, yaani fungu moja la arifa ndani ya programu. Programu ya barua pepe kama Gmail inapofunguliwa na akaunti mbili, hufungua angalau chaneli moja kwa kila akaunti, na kila chaneli hubeba mlio wake, mtetemo wake na kiwango chake cha umuhimu. Chaneli ikishaumbwa, programu yenyewe haina ruhusa tena ya kubadilisha mlio au mtetemo. Ni wewe tu, kupitia mipangilio ya simu. Ndiyo maana kusasisha programu hakusaidii, na kuwasha na kuzima simu ndiyo kabisa.

Sasa tuchukue Galaxy A yenye Gmail na akaunti mbili, ya binafsi na ya ofisi. Mwenyewe anaenda "Settings", "Sounds and vibration", "Notification sound", anachagua kengele. Matokeo: akaunti ya binafsi inalia kengele, WhatsApp haijali kwa sababu ina mlio wake, na ya ofisi inalia mlio wa zamani aliouchagua mwaka juzi akausahau. Hapo ndipo lawama huanza. Lakini ukweli ni mwepesi: mlio wa jumla unafuatwa na chaneli ambazo hazijawahi kupewa mlio wao. Ukishaipa chaneli mlio wake, imejitenga, na mlio wa jumla haiuoni tena. Kusema kweli, nina mashaka kama waliouita mlio wa jumla "Default" walimfikiria mtumiaji wa kawaida. Jina hilo linamfanya aamini kwamba unatawala kila kitu.

Njia sahihi ni kuanzia kwenye Gmail: menyu, "Settings", gusa anwani ya ofisi, kisha "Manage notifications". Utatupwa kwenye ukurasa wa simu wenye arifa za Gmail, zikiwa zimepangwa chini ya kila anwani. Tafuta ya ofisi, na usiguse kitufe cha kuwasha na kuzima. Gusa jina lenyewe ili chaneli ifunguke. Ndani yake kuna "Sound". Chagua mlio hapo, rudi nyuma, umemaliza.

Kwenye Samsung yenye One UI 6.1 au mpya zaidi, huenda usione anwani wala chaneli yoyote. Zimefichwa tangu kiwandani. Nenda "Settings", "Notifications", "Advanced settings", uwashe "Manage notification categories for each app". Kisha rudi Gmail uanze tena. Nusu ya wanaoapa kwamba "simu yangu haina hiyo kitu" wanayo, imefunikwa tu.

Ukitaka ushahidi badala ya kubahatisha, unganisha simu na kompyuta yenye adb, zana ya kutuma amri kwa simu, washa "USB debugging", andika:

```
adb shell "dumpsys notification | grep -e 'AppSettings:' -e 'NotificationChannel{'"
```

Tafuta mistari iliyo chini ya `com.google.android.gm`, ndiyo Gmail. Ukiona `mSound=content://settings/system/notification_sound`, chaneli hiyo bado inafuata mlio wa jumla. Ukiona kiungo kingine hapo, ina mlio wake. Na `mUserLockedFields` ikiwa si 0, kuna mtu alishaigusa chaneli hiyo kwa mkono, hata akikana.

Sasa kuna kisa cha mlio uliofanya kazi wiki moja kisha ukapotea. Hapa ndipo watu hulaumu betri, na hapa ndipo mimi hukosa subira. Kubana betri huchelewesha arifa. Hakubadilishi mlio wake. Arifa ikija kwa wakati lakini kwa mlio usiouchagua, achana na betri, kaangalie faili. Chaneli haihifadhi wimbo wenyewe. Inahifadhi kiungo, mfano `content://media/external/audio/media/1234`, na ile namba hutolewa na orodha ya midia ya simu. Zile programu za "kusafisha" zikifuta faili, kiungo kinabaki kikielekeza hewani. Ukilirudisha faili lilelile, lenye jina lilelile, orodha inaweza kulipa namba mpya, na chaneli bado inaitafuta 1234. Simu hapo hunyamaza au hurudi kwenye mlio wa kawaida, bila kukwambia neno. Dawa ni kuweka faili kwenye folda ya "Notifications" ya hifadhi ya ndani, si kadi ya kumbukumbu wala "Download", kisha uingie kwenye chaneli na kuuchagua mlio upya. Kuuchagua upya ni lazima.

Kimya nacho kina sababu zake, na ni tofauti na mlio usio sahihi. Kwanza, ndani ya Gmail chini ya akaunti ileile kuna "Inbox notifications", na humo "Notify for every message". Isipowashwa, ujumbe wa kwanza hulia na unaofuata hunyamaza mpaka ufungue kikasha. Pili, kama kikasha chako kimegawanywa kwa vichupo, kinacholia kwa kawaida ni "Primary" pekee. Risiti za malipo na ujumbe mwingine wa mifumo mara nyingi huangukia "Updates", na hapo hata ukiweka ving'ora hakuna kitakacholia. Tatu, tangu Android 8.1 programu moja haiwezi kulia zaidi ya mara moja kwa sekunde, na mlio uliozidi hausubiri foleni, umepotea. Mtandao ukirudi baada ya kukatika na akaunti zote mbili zikapokea kwa mpigo, mlio wa binafsi unaweza kumeza wa ofisi.

Kuhusu mtetemo sina habari njema. Kwenye simu nyingi chaneli inakuruhusu kuuwasha au kuuzima tu. Mpigo wenyewe uliamuliwa na programu siku chaneli ilipoumbwa. Hutapata "mbili fupi moja ndefu" kwa akaunti ya ofisi kupitia ukurasa huo. Kinachowezekana ni kuuzima kwenye chaneli ya binafsi na kuuacha kwenye ya ofisi, ili Gmail ikitetemeka mfukoni ujue ni kazini. Hakikisha pia mtetemo wa arifa haujazimwa kwenye mipangilio ya jumla ya simu, kwa maana ule ukizimwa, chaneli haina la kufanya.

Na yule anayefuta chaneli kwa ujanja, au anayetarajia programu iiumbe upya ikiwa safi: chaneli iliyofutwa na programu ikirudi kwa kitambulisho kilekile, hurudi na mipangilio yake yote ya zamani. Inayosafisha kweli ni "Clear data" au kuiondoa programu na kuisakinisha tena. Kwa kawaida hutafika huko. Dakika mbili ndani ya chaneli sahihi zinatosha.