Mwezi wa majaribio wa usafi: anachodhani muuzaji, anachosoma meneja wa jengo

Dhana: Meneja wa jengo ndiye mwenye ufunguo wa kila ofisi.

Kampuni nyingi za usafi Nairobi huwaandikia mameneja wa majengo ya Upper Hill na Westlands zikiomba "kusafisha ofisi zenu" kwa mwezi mmoja wa majaribio. Barua inakosea tangu mstari huo. Katika majengo mengi ya kupangisha, meneja anashughulikia sehemu za pamoja: mapokezi, ngazi, lifti, korido, vyoo vya pamoja na maegesho. Ndani ya ofisi ni kwa mpangaji, na mpangaji huwa na mtu wake wa kupiga deki. Isitoshe, pesa anazotumia meneja si zake. Hutoka kwenye ada ya huduma wanayolipa wapangaji, nao wana haki ya kuuliza ilikokwenda.

Kwa hiyo barua itaje sehemu yenyewe. Meneja ana mkataba na kampuni nyingine, na kuuvunja kunahitaji notisi. Ukimwomba jengo zima, unamtaka agombane na kampuni hiyo na wapangaji kwa wakati mmoja. Ukimwomba ghorofa moja au mbili, anaweza kulinganisha kazi yako na ya wenzako bila kumfukuza mtu.

Dhana: Neno "bure" ndilo litakalomfanya ajibu.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, maana meneja mzoefu anajua kupiga hesabu. Tuseme kazi inahitaji watu watatu. Kwa viwango vilivyoanza Novemba 2024, mshahara wa chini wa mfanyakazi wa usafi Nairobi ulikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ongeza asilimia 15 ya posho ya nyumba, unapata kama 18,531. Mara tatu ni takriban 55,600. Hapo hujagusa mchango wa mwajiri kwa NSSF, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, bima ya ajali kazini ambayo sheria ya WIBA inaidai, sabuni, dawa ya vyoo wala msimamizi.

Sasa barua ikisema mwezi wa kwanza ni bure, au shilingi 45,000 kwa watu hao watatu, meneja anajiuliza ni nani asiyelipwa. Jibu huwa moja kati ya mawili: vibarua wa kutwa wasiokuwa na bima, au kikosi hodari cha mwezi mmoja kitakachohamishwa mkataba ukishatiwa sahihi. Hilo la pili ndilo linalowachosha mameneja zaidi, na sioni kosa lao kuwa wagumu.

Kinachomvutia ni njia rahisi ya kutoka. Mwili wa barua unaweza kuwa hivi:

> Tunaomba kusafisha korido, ngazi na vyoo vya ghorofa ya tatu na ya nne kwa mwezi mmoja, kuanzia tarehe 1. Wafanyakazi ni watatu: wawili wataanza saa kumi na moja alfajiri, na mmoja atakuja saa nne kushughulikia vyoo mchana. Bei ni shilingi 80,000, au 92,800 pamoja na VAT, na utapewa ankara ya eTIMS. Sabuni, dawa na mopu ni zetu. Tishu na maji ni ya jengo. Unaweza kutusimamisha kwa notisi ya siku saba, ukalipa siku tulizofanya kazi tu. Tukiendelea, wafanyakazi watabaki walewale.

Ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi KRA, imetajwa kwa sababu bila hiyo KRA haiyakubali matumizi hayo kupunguza kodi. Tishu zimetajwa kwa sababu ugomvi wa wiki ya pili huanzia hapo: kila upande ulidhani mwingine ndiye ananunua. Na maji, katika mji wenye mgao, yataje mapema. Siku mifereji ikikauka, vyoo vitanuka hata ukiwa na watu kumi.

Dhana: Mwezi ukiisha, usafi utajionyesha wenyewe.

Hauonekani. Sakafu iliyodekiwa alfajiri imeshakanyagwa kufikia saa tatu, na siku ya mvua ni matope matupu. Bila kipimo, meneja atahukumu kwa simu ya mpangaji mmoja aliyekasirika. Pendekeza karatasi ya saa na sahihi nyuma ya kila mlango wa choo, ukaguzi wa pamoja mwishoni mwa wiki ya kwanza, na daftari la malalamiko linaloonyesha saa ya kuripoti na saa ya kurekebisha. Choo kilichotiwa sahihi saa sita na kukutwa hakina sabuni saa sita na dakika tano kinamwambia meneja kwamba karatasi inajazwa kwa mkupuo mmoja.

Dhana: Ambatisha kila kitu.

Wasifu wa kampuni wenye kurasa 30 za picha za watu wakitabasamu na ndoo hausomwi. Weka cheti cha kodi cha KRA kisichopitwa na wakati, hati ya bima ya WIBA, na ukurasa mmoja wa ratiba ya kazi.