Mtoto akikuandikia "nina shida" tu

Tunaohudumia watoto kwa njia ya simu tunaujua vizuri ujumbe huu: "Shikamoo. Nina shida." Basi, hakuna zaidi. Mara nyingi mtoto anapima kwanza kama anayepokea ataweza kumsikiliza. Mwalimu, shangazi au jirani anaweza kuupokea pia, na hapo wengi hurusha maswali matano kwa mpigo: shida gani, nani, wapi, lini, kwa nini hukusema mapema? Mtoto ananyamaza.

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 13 anayetumia simu ya mama yake. Jibu la kwanza liwe fupi: "Marahaba mwanangu, nimekupata. Unaweza kuandika sasa bila mtu mwingine kusoma?" Swali hili hutangulia kwa sababu ujumbe unaosomwa na mtu asiyehusika unaweza kumletea kipigo. Akisema yuko peke yake, mwambie: "Anzia popote unapotaka."

Anaandika: "Sitaki kurudi nyumbani." Mrudishie maneno yake mwenyewe: "Hutaki kurudi nyumbani. Kuna nini huko?" Baada ya muda linakuja neno moja: "Mjomba." Hapa ndipo watu wazima huharibu, kwa kummalizia: "Amekushika vibaya, eti?" Huenda mjomba anampiga, au anamnyima chakula. Mtoto aliyezoea kutii wakubwa anaweza kuitikia tu, na baadaye itakuwa vigumu kujua lipi ni lake na lipi umempa wewe. Andika tu, "Niambie kuhusu mjomba," kisha ngoja. Dakika kumi zikipita kimya, "Bado nipo, usiwe na haraka" inatosha. "Kwa nini" iache kabisa, maana mtoto huisikia kama lawama.

Akiomba usimwambie mtu, usiahidi. Mwambie ukweli: "Sitalitangaza, ila kama uko hatarini nitahitaji watu wa kutusaidia, na nitakuambia kwanza."

Upole una mpaka wake. Ukiona dalili za hatari, uliza moja kwa moja, ukieleza sababu: "Nakuuliza hili ili nijue kama unahitaji msaada leo: uko wapi sasa, na uko salama usiku huu?" Akieleza kwamba amebakwa, swali la lazima ni lini. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora; vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina kikomo cha saa 120. Maelezo mengine ya tukio waachie daktari na mpelelezi, asilazimike kuyarudia kwa kila mtu.

Usimpigie mjomba kumhoji. Usifute ujumbe wala kuusambaza kwenye makundi ya familia. Tanzania na Kenya, namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bure, na wewe mtu mzima unaweza kuipiga kwa niaba yake. Kwa Tanzania lipo pia Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Kama ameumizwa, hospitali kwanza.