Ukaguzi wa aina mbili katika chumba cha dawa

Je, ikiwa fundi dawa sanifu ameshahesabu vidonge na kubandika lebo, mfamasia anakagua nini tena?

Anayetazama kutoka upande wa dirisha la wagonjwa huona mtu mmoja akiandaa dawa na mwingine akiipitia, akahitimisha kwamba wa pili anarudia hesabu ya wa kwanza. Dhana hiyo inaeleweka, lakini inaunganisha kazi mbili zisizofanana. Ukaguzi wa kwanza huuliza kama kilichoandikwa kwenye cheti kinamfaa mgonjwa huyu: umri wake, figo zake, dawa nyingine anazotumia. Wa pili huuliza kama kilichomo kwenye kikapu cha dawa zilizoandaliwa ndicho kilichoandikwa: dawa yenyewe, nguvu yake, idadi, na maelekezo ya lebo. Ule wa kwanza ni wa mfamasia. Huu wa pili, katika baadhi ya nchi, hukabidhiwa fundi dawa aliyefunzwa na kupimwa kwa kazi hiyo, kama inavyofanyika Uingereza.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika mfano mmoja. Mgonjwa wa baridi yabisi ya viungo anatumia methotreksati miligramu 10 mara moja kwa wiki, yaani vidonge vinne vya miligramu 2.5. Leo analeta cheti kipya cha kiuavijasumu, kotrimoksazoli ya miligramu 480, vidonge viwili mara mbili kwa siku kwa siku 7. Fundi dawa anachukua boksi sahihi, anahesabu vidonge 28, anabandika lebo isiyo na kasoro na kutia sahihi yake ya kifupi mahali pa mwandaaji. Ukilinganisha kikapu na cheti, hutapata kosa hata moja, na ukihesabu mara kumi utapata 28 mara kumi. Hata hivyo dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kumdhuru vibaya. Zote huzuia mwili kutumia folati, ambayo uboho unaihitaji ili kutengeneza chembe za damu, na kotrimoksazoli inaweza pia kupunguza kasi ya figo kuitoa methotreksati mwilini. Vidonda vya mdomo, homa au michubuko isiyo na sababu huenda vikaja baadaye, na kikapu hakitakuwa kimeonyesha dalili yoyote. Hatari hiyo huonekana kwa anayesoma orodha ya dawa zote za mgonjwa, ndiyo maana mfamasia hupitia cheti kabla dawa haijaandaliwa, akaweka alama yake pale anapoafiki.

Ukaguzi wa usahihi nao una hila yake. Mwandaaji hafai kujikagua, kwa sababu jicho lake husoma alichokusudia, kama mwandishi anavyopitia insha yake mwenyewe na kuruka neno alilolisahau. Aliyekusudia kuchukua hidralazini, akashika hidroksizini, ataitazama boksi hiyo na kuona hidralazini. Jambo la pili husahaulika zaidi: boksi hulinganishwa na cheti, wala si na lebo. Aliyeingiza dawa vibaya kwenye kompyuta hutoa lebo yenye kosa lilelile, na anayechukua dawa kwa kufuata lebo hiyo atapata boksi inayokubaliana nayo kikamilifu. Makosa mawili yakikubaliana, cheti pekee ndicho kinachoweza kuyakanusha. Kwa methotreksati, lebo iliyochapishwa “kila siku” badala ya “mara moja kwa wiki” ni kosa linaloweza kuua.

Je, fundi dawa hukagua vizuri kama mfamasia? Tafiti zilizofanywa hospitalini Marekani, hasa kwa dawa zilizofungashwa kwa dozi mojamoja, ziliona kwamba waliofunzwa hawakuwa nyuma. Matokeo hayo yasichukuliwe kana kwamba yanahusu kila duka la dawa lenye simu zinazolia na foleni mlangoni, na sheria za nchi nyingi bado zinamwachia mfamasia ukaguzi wote.

Palipo na ruhusa, faida ya kukabidhi ni kwamba mfamasia anapata dakika za kusoma orodha za dawa na kumpigia daktari simu. Foleni inapokuwa ndefu, kishawishi ni kufanya kinyume: mfamasia anajiunga na kuhesabu, na cheti kinapita bila kusomwa. Usimamizi ni pamoja na kuona kwamba hakuna kikapu kinachofika kwa mkaguzi bila alama ya mfamasia, na kwamba fundi dawa mwenye shaka anaweza kukirudisha bila kulaumiwa kwa kuchelewesha.

Katika mfano wetu, tuseme daktari anakubali kubadilisha kiuavijasumu. Kikapu hakiendelei kutoka pale kilipoishia. Lebo ya zamani inaharibiwa, mfamasia anapitia agizo jipya na kuliwekea alama, fundi dawa anaandaa upya, kisha mtu mwingine anakagua, kwa kuwa sahihi zilizokuwepo zilihusu dawa ambayo haipo tena.