Ukipata notisi ya kushtakiwa, tafadhali usikimbilie saiba kufaili nil

Wiki jana nimepigiwa simu tena, ya nne mwezi huu, na stori ni ile ile. Mtu amepata notisi kutoka KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kwamba hajafaili ritani za ushuru kwa muda mrefu na asipofaili ndani ya siku kadhaa atashtakiwa, ameshtuka, amekimbia saiba, kijana wa saiba amemwambia "hii ni ndogo mzee, tunapiga nil zote", yaani ritani za kusema hakuuza kitu, amelipa mia mbili kwa kila mwezi uliokosekana, halafu ndio ananipigia kuniambia ameshamaliza, anataka tu nimhakikishie. Siwezi kukuhakikishia, ndugu yangu. Inawezekana ulikuwa na kesi ndogo asubuhi na jioni ukawa na kubwa, na umelipia mwenyewe.

Wacha nieleze mimi kama mhasibu, maana nimechoka kueleza mmoja mmoja kwa simu.

Kutofaili kwa tarehe ni kosa chini ya kifungu cha 94 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015. Adhabu yake iko kifungu cha 104, faini isiyozidi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hilo ni kosa la kunyamaza, ulipaswa kusema ukakaa kimya. Sasa ukienda ukafaili nil kwa mwezi ambao uliuza, na unajua uliuza, hapo umesema, na umesema uongo. Kudanganya kwenye ritani ukijua unadanganya ni kifungu cha 97, na kile ni mnyama mwingine kabisa, faini inafika milioni 10 au mara mbili ya ushuru uliokwepwa, kifungo mpaka miaka 10. Kwa hiyo kijana wa saiba kwa mia mbili yake amekutoa kwa mtu aliyesahau akakupeleka kwa mtu aliyeficha. Na hawezi kuja kortini kusema ni yeye aliyebonyeza, ritani ni yako, PIN ya ushuru ni yako na paswadi ni yako.

Mtu ataniuliza, watajuaje? Watajua kwa sababu wewe si mtu pekee anayeandika habari zako. Ukiuzia taasisi iliyoteuliwa kukata VAT, inakata asilimia 2 ya bei kabla ya VAT na kuipeleka KRA kwa jina lako, na cheti kinakaa kwenye akaunti yako mwenyewe ya iTax, tovuti ya KRA ya kufaili, hata hujawahi kukifungua. Mnunuzi wako akidai VAT aliyokulipa anaweka PIN yako kwenye ritani yake. Na siku hizi kuna eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, kila invoisi inaingia kwao. Notisi nyingi hazitoki hewani, zinatoka kwenye hayo makaratasi ya watu wengine.

Hebu nikupe kesi moja, nimebadilisha vitu viwili vitatu mwenyewe asijulikane. Mama mmoja ana duka la vifaa vya ofisi, alijisajili VAT kwa sababu tenda moja ilidai hivyo. Mauzo yake hayakaribii hata milioni 5 kwa mwaka, ambayo ndio kiwango cha kulazimika kujisajili, lakini ukishajisajili umejisajili, kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata unafaili, umeuza hujauza. Yeye akafaili miezi ya kwanza, biashara ikalala, akaacha. Kutoka Machi 2023 mpaka Aprili 2024, miezi 14, hakuna kitu. Alikuwa anafaili ile ya mwaka tu, ya Juni, akidhani hiyo ndiyo "ritani" na imetosha. Hapa ndipo watu wengi wanaponasa, si wakaidi, hawajui kwamba PIN moja inaweza kuwa na majukumu matatu manne na kila moja lina tarehe yake.

Notisi ikaja. Kitu cha kwanza nilichomwambia ni asibonyeze linki yoyote. Fungua iTax kwa kuandika itax.kra.go.ke wewe mwenyewe, halafu piga simu au nenda ofisi ya ushuru uliyo chini yake ukathibitishe hiyo barua ni yao. Matapeli wanapenda sana barua za aina hii kwa sababu mwoga halipi kwa kufikiri. Pesa ya ushuru inalipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na iTax yenyewe, kwa M-Pesa unaiweka hiyo namba kama akaunti. Ofisa anayetaka utume kwa namba yake ya simu "nikufungie faili" si ofisa, na kama kweli ni ofisa basi hapo una shida mbili.

Ya kwake ilikuwa ya kweli. Kwa hiyo tukaisoma pole pole, maana watu hawasomi, wanaona neno "kushtakiwa" na macho yanazima. Ulizia mambo manne tu: ni jukumu gani (VAT, PAYE ya mishahara ya wafanyakazi, au ile ya mwaka), ni vipindi gani, umepewa mpaka tarehe gani, na imetoka idara gani. Hilo la nne shikilia, nitalirudia.

Halafu tukaandika barua, siku ile ile, kabla ya kufaili hata mwezi mmoja. Ukurasa mmoja. Nimepokea notisi ya tarehe fulani, nakusanya rekodi za miezi hii, nitafaili yote kufikia tarehe hii, naomba muda huo. Basi. Usianze kueleza mume aliugua, biashara ilianguka, mhasibu alikutoroka. Inaweza kuwa kweli kabisa, lakini unaandika kitu kitakachokaa kwenye faili, na sentensi kama "nilijua nilipaswa kufaili lakini sikuwa na pesa" ni zawadi kwa mwendesha mashtaka. Peleka, pata mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, au tuma kwa imeili na uihifadhi.

Ndipo tukaanza kuhesabu. Tulishusha vyeti vyote vya VAT iliyokatwa, taarifa za benki, taarifa ya M-Pesa na ya till. Katika ile miezi 14, miezi 11 kweli hakuuza kitu, hiyo nil ni halali, nil si dhambi jamani, nil ya uongo ndio dhambi. Miezi 3 aliuza. Chukua Septemba: aliuza vitu vya 400,000, VAT ya asilimia 16 ni 64,000. Mnunuzi alikata asilimia 2, yaani 8,000, ikaenda KRA. Alikuwa amenunua bidhaa za 300,000 na kulipa VAT ya 48,000 juu yake. Ukiondoa zote mbili anabaki kudaiwa 8,000. Elfu nane! Kwa ajili ya elfu nane ndio yule wa saiba angemwandikia nil huku cheti cha mnunuzi kinasema mauzo ya laki nne.

Hiyo 48,000 sasa ndiyo inayoninyima usingizi. Sheria ya VAT inataka VAT ya manunuzi idaiwe ndani ya miezi 6. Wewe unafaili ritani ya Septemba ukiwa umechelewa kuliko hapo. Kuna wenzangu wanasema inadaiwa kwenye ritani ya mwezi wake kwa hiyo hakuna shida, kuna wanaosema muda umekwisha na imepotea. Mimi naidai, naweka invoisi tayari, na namwambia mteja wazi aweke akilini kwamba ikikataliwa deni la mwezi huo linaruka kutoka 8,000 hadi 56,000. Sipendi kumwambia mteja "inategemea" lakini hapa inategemea kweli.

Kilichomuumiza zaidi si ushuru, ni penalti. Kuchelewa kufaili VAT ni 10,000 au asilimia 5 ya ushuru, yoyote iliyo kubwa, na ni kwa kila mwezi, hata mwezi wa nil. Mara 14 ni 140,000. Juu ya ile 8,000 kuna asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, 400, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, shilingi 80. Unaona ilivyo, deni lenyewe ni dogo, kuchelewa ndiko kulikokula duka.

Na hapa kuna imani nyingine inayonikera karibu sawa na ile ya nil: "nimelipa penalti, kwa hiyo kesi imekufa." Sivyo ilivyoandikwa. Kifungu cha 80 kinasema usipigwe penalti na kushtakiwa kwa kosa lile lile, ndio, lakini anayechagua ni Kamishna, si wewe. Akiamua kushtaki penalti uliyolipa inatakiwa irudishwe. Na kosa la kifungu cha 94 lilishatimia siku tarehe ilipopita, kufaili leo hakulifuti. Kwa nini basi tunahangaika kufaili? Kwa sababu shida ya notisi ni ritani ambazo hazipo, zikiwepo na ni za kweli sababu ya kukupeleka kortini inapungua sana. Inapungua, sijasema inaisha.

Sasa wakili. Watu wananiuliza kana kwamba mimi namuonea wivu wakili, hapana. Notisi ya kawaida kutoka ofisi ya ushuru ya eneo lako, ritani zimekosekana, rekodi zipo, hakuna uongo uliosemwa hapo nyuma, mhasibu anatosha. Nyamaza na mtafute wakili kama barua imetoka idara ya uchunguzi, au umeitwa "uje tuongee kidogo" na kuandikisha taarifa, au umeletewa samansi ya korti, au, na hii ndio inayofichwa zaidi, kama ulishafaili nil za uongo. Mkurugenzi wa kampuni naye asingoje, kampuni haifungiki, yeye anafungika.

Sababu ni moja na wahasibu hatupendi kuitaja: unachomwambia wakili kinalindwa na sheria ya ushahidi, unachoniambia mimi hakilindwi. Naweza kuitwa. Kwa hiyo mtu akianza, "sasa mhasibu wacha nikuambie ukweli", mimi namkatiza hapo hapo, namwambia huo ukweli mpelekee wakili kwanza, kisha wakili atanipigia. Na samansi ikishafika, wakili awepo kabla ya siku ya kujibu shtaka, si baada. Watu wanakiri asubuhi ili wawahi duka, kisha wanatafuta wakili saa nane. Usipotokea kabisa, korti inatoa hati ya kukukamata.

Yule mama hakufika huko. Alipewa muda, tukafaili 14 zote, tukaomba kulipa kwa awamu, na tukaomba VAT iondolewe kwenye PIN kwa sababu hafikishi kiwango. Ombi bado halijajibiwa, kwa hiyo kila kabla ya tarehe 20 namtumia meseji, naye ananijibu "mwezi huu sijauza mwalimu, piga nil," na mimi namjibu nitumie kwanza taarifa ya till.