Mgongo Usioonekana: Kubadilisha Mtu Katika Picha Bila Kuharibu Mkao Wake

Picha tuliyokuwa nayo ni ya kibarua wa ghala anayeinua gunia kama inavyotakiwa: magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, mzigo uko karibu na kifua. Mwenyewe alikubali kupigwa picha kwa ajili ya darasa la wenzake tu, hakukubali kubandikwa ukutani kila ghala. Tukaamua kumtoa na kumweka mtu wa kubuni, asiye mfano wa mtu yeyote aliye hai. Sharti lilikuwa moja: mkao usibadilike, kwani mkao ndio somo lenyewe.

Modeli ya usambaaji, yaani programu ya akili bandia inayotengeneza picha, huanza na picha iliyojaa chenga, kama televisheni iliyopoteza mawimbi, kisha huzipunguza hatua kwa hatua ikifuata maneno uliyoiandikia. Ukilifunika eneo la mtu kwa barakoa na kuomba "mwanamke mwenye ovaroli anainua gunia", utampata mwanamke na gunia. Ameinamaje, magoti yake yako wapi, hayo modeli itajiamulia.

Hapo ndipo mwongozo wa pozi unapohitajika. OpenPose, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, huitazama picha na kuweka nukta kwenye viungo vya mwili, kisha huziunganisha kwa mistari ya rangi kama mifupa. Mchoro unaotumika sana una nukta 18: pua, shingo, macho, masikio, mabega, viwiko, vifundo vya mikono, nyonga, magoti na vifundo vya miguu. Mchoro huo hupewa ControlNet, mbinu iliyotolewa mwaka 2023 na watafiti wa Stanford. Hiyo huchukua nakala ya sehemu ya modeli, ikaifundisha kusoma mchoro, na katika kila hatua ya kusafisha chenga huisukuma modeli mama ielekeze viungo pale zilipo nukta.

Mchoro tuliutoa kwenye picha ya awali kabla ya kufunika chochote, tukahakikisha una vipimo vilevile vya picha. Ukiikata picha baadaye halafu mchoro usiukate, mtu mpya atahama. Barakoa nayo tuliitanua kidogo kupita ukingo wa mwili. Inayobana kabisa humlazimisha mtu mpya kuingia ndani ya kivuli cha yule wa zamani, unene na nguo vikafuata. Gunia tuliliacha nje ya barakoa, isipokuwa pale vidole vilipolishika.

Picha ya kwanza ilipotoka tulifurahi. Magoti sawa, viwiko sawa. Mkufunzi wa usalama kazini akaitazama mara moja tu, akasema: "Huyu ataumia kiuno." Mgongo ulikuwa umepinda kama upinde.

Kosa halikuwa la bahati mbaya. Hesabu tena zile nukta 18: hakuna hata moja ya uti wa mgongo. Kutoka shingoni hadi nyonga kuna mstari ulionyooka tu, na mstari huo ni uleule mgongo ukiwa umenyooka au umejikunja. Modeli ilitii mchoro wote. Palipokuwa kimya ikajaza kwa mazoea. Kuongeza nguvu ya mwongozo hakukusaidia, maana huwezi kukazia jambo ambalo halijachorwa.

Tuliongeza mwongozo wa pili, ramani ya kina, inayoonyesha kwa weupe na weusi kipi kiko karibu na kamera na kipi kiko mbali. Humo mstari wa mgongo huonekana. Ubaya wake ni kwamba hubeba pia umbo na mavazi ya mtu wa awali, kwa hiyo tuliupa nguvu ndogo na kuusimamisha mapema. Umbo kuu la picha huamuliwa katika hatua za mwanzo, na hatua za mwisho hushughulikia ngozi, kitambaa na mikunjo. Kwenye diffusers, maktaba ya Python ya kuendesha modeli hizi, tuliandika hivi, namba ya kwanza ikiwa ya mifupa na ya pili ya kina:

```python
controlnet_conditioning_scale=[1.0, 0.5],
control_guidance_end=[1.0, 0.6],
```

Namba hizi ni za picha yetu. Mwenye nguo pana, kwa mfano dera au kanzu, atahitaji nguvu ya kina ipunguzwe zaidi, la sivyo ovaroli mpya itatoka na pindo la kanzu.

Ukaguzi tuliufanya mara mbili. Kwanza tulitoa mchoro wa mifupa kwenye picha mpya na kuuweka juu ya ule wa zamani. Nukta iliyosogea sana hujionyesha yenyewe. Kifundo kimoja cha mkono hakikuwa na nukta tangu mwanzo, kwani kilijificha nyuma ya gunia, na modeli ilikuwa imebuni mkono unaoning'inia. Tuliiweka nukta hiyo kwa mkono, tukairudia picha. Ukaguzi wa pili ulikuwa wa macho. Kwa kuwa mifupa haiwezi kuusema mgongo, tuliweka rula kwenye skrini kutoka nyonga hadi bega katika picha zote mbili, tukapima nafasi kati ya rula na mgongo. Picha ya nne ndiyo mkufunzi aliyoikubali.